Bilauri mbili za maji hazitoshi kumrudisha mtoto chekechea

*Swali: Assalamu alaykum. Mwanangu Athman ana miaka 6 na miezi 4, yuko gredi ya kwanza hapa Lamu. Mwalimu alimwekea bilauri mbili zenye maji sawa, kisha akamimina moja kwenye gilasi ndefu. Mtoto akasema gilasi ndefu ndiyo yenye maji mengi. Nimeambiwa hajafika hatua ya kufikiri ya miaka 7, na ni bora arudi PP2. Mimi nyumbani namuona ana akili, namtuma dukani na hurudi na chenji sawasawa. Je, kweli kachelewa? — Mama Athman, Langoni*

Waalaykum salaam, Mama Athman.

Hapana, jibu hilo peke yake halionyeshi kwamba kachelewa. Watoto wengi wa miaka 6 hujibu hivyohivyo. Hata ukishika umri ule ule wa miaka 7 aliotajiwa, mwanao hajaufikia bado. Na umri wenyewe ni wastani wa watoto waliochunguzwa, si tarehe ya mwisho. Tena jaribio hilo lina mitego yake, na mitego hiyo imechunguzwa kwa zaidi ya nusu karne. Nitakueleza linavyofanya kazi, linapoharibika, na namna ya kulirudia nyumbani kwa utaratibu, ili ukienda kuzungumza na mwalimu uwe na kitu mkononi.

Jaribio hilo ni la Jean Piaget, mtafiti wa Uswisi aliyeishi 1896 hadi 1980. Alipokuwa kijana alifanya kazi Paris kwenye mitihani ya kupima akili za watoto. Kilichomvuta hakikuwa majibu sahihi bali yale ya makosa, kwa sababu watoto wa rika moja walikosea kwa namna moja. Kutoka hapo akajenga hatua 4. Kutoka kuzaliwa hadi miaka 2, mtoto huujua ulimwengu kwa kugusa, kutia mdomoni na kutenda. Kutoka 2 hadi 7 ana lugha na mchezo wa kuigiza, lakini hukumu zake hushikwa na kile kinachoonekana zaidi machoni. Kutoka 7 hadi 11 huweza kufikiri kwa mantiki juu ya vitu vilivyo mbele yake. Baada ya hapo huanza kufikiri juu ya mambo ya kudhania tu. Mwalimu wa Athman alitaka kujua kama mtoto amevuka kutoka hatua ya pili kwenda ya tatu, na maji ndiyo kipimo mashuhuri cha kuvuka huko.

Sasa, Piaget hakuishia kwenye jibu. Alipoambiwa "hii ina mengi" au "yako sawa," aliuliza kwa nini, na hapo ndipo uzito wa jaribio ulipo. Mtoto aliyekwisha kuelewa hutoa moja ya sababu 3. Husema maji ni yaleyale, hakuna aliyeongeza wala kupunguza. Au husema ukiyarudisha kwenye bilauri ya kwanza yatakuwa kama yalivyokuwa. Au husema gilasi hii ni ndefu lakini nyembamba. Baada ya sababu, Piaget alimjaribu kwa kumpinga: "Mtoto mmoja aliniambia hii ndefu ina mengi, kwa sababu maji yamepanda juu. Wewe waonaje?" Anayeelewa hushikilia neno lake na kulitetea. Anayebahatisha hugeuka mara moja. Kama Athman aliulizwa swali moja, jibu likaandikwa na kikao kikaisha, basi lililofanyika ni nusu ya jaribio.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye namna ya kuuliza. Katika utaratibu wa kawaida mtoto huulizwa kwanza, "Maji haya yako sawa?" Anasema ndiyo. Mtu mzima anamimina, kisha anauliza swali lilelile tena. Fikiria mtoto aliyelelewa vizuri, mbele ya mwalimu, anaulizwa mara ya pili jambo alilokwisha kujibu. Nyumbani na kwenye chuo cha Kurani, mkubwa akirudia swali maana yake jibu la kwanza halikumridhisha. Juu ya hivyo, mkubwa mwenyewe kafanya jambo kubwa la makusudi, kamimina maji mbele ya macho yake, kama kwamba hilo ndilo linaloulizwa. Mtoto anabadilisha jibu kwa adabu.

Mwaka 1974 watafiti wawili, Susan Rose na Marion Blank, waliliondoa swali la kwanza. Watoto waliulizwa mara moja tu, baada ya mabadiliko, na makosa yakapungua. Wakati huohuo, huko Uskochi, James McGarrigle na Margaret Donaldson walifanya jambo la werevu. Walipanga safu mbili za vidude vilivyo sawa kwa idadi. Kwa njia ya kawaida mtafiti aliivuruga safu moja ili ibadilike urefu, akauliza kama bado zina idadi moja. Kwa njia ya pili, mdoli wa dubu mtundu alichomoza kutoka kwenye boksi lake na kuivuruga safu, kama kwamba ni bahati mbaya. Watoto walikuwa 80, wa miaka 4 hadi 6. Safu ilipovurugwa na mtu mzima, 13 tu ndio waliosema idadi ni ileile. Ilipovurugwa na dubu, walikuwa 50. Watoto ni walewale na vidude ni vilevile. Kilichobadilika ni nani kagusa na mtoto anadhani anaulizwa nini.

Lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu dubu huyu hutajwa siku hizi kama kwamba alimvunja Piaget kabisa. Baadaye, mwaka 1986, Chris Moore na Douglas Frye walimfanya dubu aondoe au aongeze kitu kwelikweli, na hapo watoto wengi wakakosa kuona kwamba idadi imebadilika. Yaani pengine vituko vya dubu viliwashughulisha macho hata hawakuitazama safu vizuri. Kwa hiyo sisemi kwamba watoto wa miaka 4 wanajua kila kitu na jaribio ndilo linalowaonea. Nasema jibu lilelile lina visababishi viwili, kutoelewa kiasi na kutoelewa swali, na aliyeuliza mara moja kwa njia moja hawezi kuvitenganisha.

Uchunguzi ulio karibu zaidi na hali ya Athman ulifanywa Senegali, kwa watoto wa Kiwolofu, na Patricia Greenfield. Matokeo yalichapishwa 1966. Baadhi ya watoto wasiokwenda shule walisema maji yamezidi, na walipoulizwa sababu, wakasema ni kwa kuwa yeye mtafiti ndiye aliyeyamimina. Waliona mgeni mwenye hadhi ana uwezo wa kubadilisha mambo. Greenfield akawapa watoto wenyewe bilauri wamimine kwa mikono yao. Majibu sahihi yaliongezeka sana. Kwangu mimi hili ndilo badiliko la kwanza la kufanya, kwa sababu halihitaji mdoli wala ujanja wowote.

Sasa fanya hivi nyumbani. Chagua wakati Athman ameshiba na hana haraka ya kwenda kucheza, kwa mfano alasiri kabla ya kwenda chuoni. Nduguze wakubwa wasiwepo, maana watamjibia. Ongea naye kwa lugha yenu ya kila siku. Kama shuleni aliulizwa kwa Kiingereza, hilo nalo ni jambo la kumuuliza mwalimu, kwani huenda mtoto alikuwa anakisia maneno.

Anza na hesabu, kwa kuwa huja mapema kuliko maji. Chukua simbi au korosho 14. Panga safu ya 7, kisha mwambie yeye apange safu yake chini ya yako, moja kwa moja, mpaka akubali kila moja ina mwenzake. Mwache yeye mwenyewe aitawanye safu yake iwe ndefu. Uliza mara moja tu: "Zangu na zako, nani ana nyingi, au tuko sawa?" Usitie mkazo kwenye neno lolote. Mpe nafasi ya kufikiri, hesabu kimya hadi 10 kabla ya kusema kitu kingine. Kisha muulize kwa nini. Akianza kuhesabu moja moja, usimzuie. Andika tu kwamba alihesabu. Hiyo ni njia halali ya kupata jibu, ingawa si sawa na kujua bila kuhesabu.

Siku nyingine fanya na unga wa chapati. Kata madonge mawili, mpe ayasawazishe mwenyewe mpaka aridhike kwamba yako sawa. Akitaka kumega kidogo hapa na kubandika pale, mwache. Halafu asukume moja liwe refu kama mkia. Uliza kama unga ni sawa au upande mmoja una zaidi.

Maji yaje mwisho. Tafuta bilauri mbili fupi zinazofanana kabisa na gilasi moja ndefu nyembamba, ile ya juisi. Tia maji kiasi cha nusu bilauri, yenye chembe ya rangi ya biriani ili yaonekane vizuri. Hapa makosa madogo huharibu kila kitu. Gilasi ikiwa fupi mno au maji yakiwa mengi hata yakamwagika, mtoto atasema yamepungua, na atakuwa kasema kweli. Yakibaki matone kwenye bilauri ya kwanza, vilevile. Athman amimine mwenyewe, polepole, na ikidondoka hata kidogo anza upya. Muulize mara moja, kisha sababu, kisha mpinge kwa upole kama nilivyoeleza. Jaribu pia kuificha gilasi kabla ya kumimina: weka karatasi ngumu mbele yake, mtoto amimine bila kuona maji yanafika wapi, na umuulize kabla ya kuondoa karatasi. Watoto wengi wa umri wake husema "ni sawa tu" maji yakiwa yamefichwa, halafu karatasi ikiondolewa baadhi yao hubadilika. Mtoto wa namna hiyo yuko katikati ya njia: anajua kanuni, lakini macho bado yanamshinda.

Andika alichosema neno kwa neno, si "amepata" au "amekosa." Tuseme kwenye korosho amesema, "Tuko sawa, zako zimekaribiana tu." Kwenye unga amesema ni sawa kwa sababu "sikuukata." Kwenye maji amesema gilasi ndefu ina mengi kwa sababu "yamefika juu." Je, yuko hatua ya pili au ya tatu? Ukitumia hatua kama vyumba vyenye mlango, huwezi kujibu. Kwa korosho yumo ndani, kwa maji yuko nje. Na hii si kasoro ya Athman. Piaget mwenyewe aliona kwamba ufahamu wa idadi huja karibu na miaka 5 au 6, wa unga na maji karibu na 7, wa uzito karibu na 9 au 10, na wa nafasi ambayo kitu huchukua ndani ya maji karibu na 11 au 12. Mtoto wa miaka 8 anayekuambia bila kusita kwamba unga ni uleule anaweza kukuambia palepale kwamba donge lililosukumwa limekuwa jepesi. Mantiki ni moja, lakini inachukua miaka kutoka kitu kimoja hadi kingine. Piaget alilipa jambo hili jina, ila hakulieleza vya kutosha. Hapo ndipo wakosoaji walipobana zaidi: kama hatua ni badiliko la akili nzima, kwa nini akili ibadilike vipande vipande?

Jibu linalokubaliwa na wengi siku hizi ni kwamba ufahamu hufuata yale mtoto anayoyashika na kuyafanya. Huko Meksiko, mwaka 1969, watoto wa wafinyanzi walionekana kuwatangulia wenzao katika kuelewa kwamba kiasi cha udongo hakibadiliki kwa kubadilishwa umbo. Mikono yao ilikuwa imefinyanga tangu utotoni. Robert Serpell naye, mwaka 1979, aliwalinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester katika kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi, wa Manchester waliwashinda. Kwa kukunja waya, wa Lusaka waliwashinda, maana huko watoto hujitengenezea magari ya waya. Kwa udongo walilingana. Angewapima kwa kalamu tu, ungesikia kwamba watoto wa Zambia wako nyuma. Mtoto wa Lamu aliyezoea kuchonga kijahazi cha kuchezea na kukipanga matanga mpaka kielee bila kulala upande mmoja amefanya kazi kubwa ya kufikiri ambayo hakuna bilauri inayoipima.

Ndiyo maana neno lako kuhusu chenji lina thamani, lakini lichunguze kidogo kabla ya kulitumia. Mtoto anaweza kurudi na chenji sahihi kwa sababu mwenye duka ni mwaminifu. Siku moja mpe shilingi 50 za kununua kitu cha shilingi 35, na kabla hajatoka muulize atarudishiwa ngapi. Akisema 15, mwambie akueleze kapataje. Huko Recife, Brazili, utafiti uliochapishwa 1985 ulionyesha watoto waliouza vitu mtaani wakipata hesabu zao za biashara karibu zote, asilimia 98, ilhali hesabu zilezile zikiandikwa tupu kwenye karatasi walipata asilimia 37. Hao walikuwa wakubwa kuliko Athman, wa miaka 9 hadi 15, lakini wanatuonyesha kwamba matokeo ya karatasi na uwezo wa mtoto si kitu kimoja. Tena usipite mpaka: kujua chenji hakuthibitishi kwamba anaelewa kiasi cha maji. Kunathibitisha kwamba anazijua hesabu za fedha, nalo ndilo jambo la gredi ya kwanza.

Nimwondolee Piaget lawama moja. Alichosisitiza ni mfuatano: kwamba hatua huja kwa mpango mmoja bila kurukwa. Umri aliutaja kama wastani wa watoto aliowachunguza, na alijua kwamba hutofautiana. Mwaka 1972 aliandika kwamba hatua ya mwisho huenda ikafikiwa kati ya miaka 15 na 20, na kwamba huonekana katika fani ambayo mtu ana kipaji au uzoefu nayo. Walioigeuza 7 kuwa mstari wa kukata ni waandishi wa mihtasari na majedwali ya walimu. Mwalimu wa Athman pengine alifundishwa jedwali hilo chuo cha ualimu, kwa hiyo zungumza naye bila kumlaumu.

Kama mtoto bado anakosea kwenye maji, usimkaririshe "ni sawa, ni sawa." Atakariri kwa bilauri hiyo na kukosea kwa sufuria. Robert Siegler alionyesha mwaka 1995, kwa watoto wa miaka 5 na jaribio la safu, kwamba waliosonga mbele zaidi ni wale waliotakiwa kueleza sababu ya jibu la mtafiti, kuliko wale walioambiwa tu wamepata au wamekosa, na kuliko walioeleza sababu zao wenyewe. Kwa hiyo sema: "Mimi nasema maji ni sawa. Unadhani kwa nini mama anasema hivyo?" kisha nyamaza umsikilize. Mara chache kwa wiki zatosha, wakati wa kumimina chai au kugawa uji. Usishangae leo akipata na kesho akakosa. Siegler aliona vilevile, mtoto mmoja hubeba njia ya zamani na mpya pamoja kwa muda mrefu kabla ya ile ya zamani kufifia.

Kuhusu kurudi PP2, kinachofaa kuangaliwa ni mambo mengine. Je, anahesabu vitu 20 kwa kugusa kimoja kimoja bila kuruka? Anafuata agizo la mambo mawili kwa mpigo, kama "chukua kikapu, kisha mwite bibi"? Anasimulia jambo la jana likaeleweka na mtu ambaye hakuwepo? Anazijua herufi alizofundishwa? Akisoma hukaribisha daftari puani, au ukimwita kwa nyuma haitiki? Kama mengi ya haya ni mazito kwake, au kama kuna jambo aliloliweza zamani na sasa hawezi tena, mpeleke akapimwe macho na masikio hospitalini, na uombe tathmini kwenye kituo cha serikali cha tathmini ya elimu. Hapo kuna sababu ya kuuliza, nayo haihusiani na maji.

Ukienda shuleni, peleka karatasi yako ya majibu, na uombe jaribio lirudiwe na Athman akimimina mwenyewe na kuulizwa mara moja. Uliza pia ni kazi gani ya darasani inayomshinda, na uonyeshwe daftari. Na ujue kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 35, hairuhusu mwanafunzi aliyekwisha kupokelewa shuleni kuzuiliwa nyuma katika darasa lolote. Wakishikilia arudi PP2, omba uamuzi huo kwa maandishi pamoja na sababu zake, uupeleke ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.